Jiwe Dogo, Karati Zile Zile

Kwenye maduka ya vito Arusha na kwenye vijiwe vya madalali kuna ubishi usioisha. Mnunuzi anawekewa tanzanaiti ya karati mbili na yakuti ya buluu ya karati mbili, zote zimechongwa umbo la yai, na macho yake yanamwambia kwamba moja ni kubwa kuliko nyingine. Mizani inasema zinalingana. Hapo kila mtu hutoa maelezo yake: mizani imechezewa, yakuti imepunjwa, tanzanaiti ni jiwe "jepesi" na kwa hiyo ni dhaifu, jiwe kubwa ndilo lenye faida. Machache kati ya maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila mara nyingi kwa sababu isiyo sahihi. Nianze na dai linalozaa mengine yote.

"Karati ni ukubwa wa jiwe"

Karati ni uzito. Zamani kila mji wa biashara ulikuwa na karati yake, zikitofautiana kidogo kidogo, mpaka mwaka 1907 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ulipokubali karati ya metriki: gramu 0.2, kwa hiyo karati tano ni gramu moja. Ndani ya kipimo hicho hamna milimita hata moja. (Karati za dhahabu, zile za 18 au 22, ni habari nyingine kabisa. Zenyewe zinaeleza sehemu ngapi kati ya 24 ni dhahabu safi.)

Turudi kwa yale mawe mawili. Karati mbili ni gramu 0.4. Tanzanaiti ya ujazo wa sentimita moja ina uzito wa gramu 3.35 hivi, na yakuti ya ujazo huohuo ina gramu 4.00. Uzito huo wa ujazo mmoja ndio unaoitwa msongamano. Ukigawa 0.4 kwa 3.35 unapata milimita 119 za ujazo. Ukigawa kwa 4.00 unapata 100. Kwa uzito uleule, tanzanaiti inahitaji nafasi zaidi kwa karibu moja ya tano. Hakuna aliyeiba wala aliyepunjwa. Anayetaka mawe hayo mawili yalingane kwa macho lazima akubali yatofautiane kwenye mizani, na anayetaka yalingane kwenye mizani akubali yatofautiane kwa macho.

"Basi tanzanaiti itaonekana kubwa zaidi kwa moja ya tano"

Dai hili hutolewa na mtu aliyekwisha kuelewa habari ya msongamano, ndiyo maana nalipenda. Amefika nusu ya njia. Kosa lake ni kusahau kwamba ule ujazo wa ziada haukai wote usoni mwa jiwe. Sehemu inakwenda kwenye urefu, sehemu kwenye upana, na sehemu nyingine inazama kwenye kina, chini ya kiuno cha jiwe, mahali ambapo mvaaji haoni kitu. Ujazo ukiongezeka kwa asilimia 19 na umbo likabaki lilelile, kila upande unaongezeka kwa kipeuo cha tatu cha 1.19, ambacho ni 1.06. Asilimia sita tu.

Hebu tupime. Chukua tanzanaiti ya umbo la yai yenye urefu wa milimita 9, upana 7 na kina 4.7. Watu wa vito hukadiria uzito wa jiwe la umbo hilo kwa kuzidisha vipimo vyote vitatu, kisha msongamano, kisha 0.0020:

9 × 7 × 4.7 × 3.35 × 0.0020 = 1.98

Hizo ni karati mbili kasoro kidogo sana. Sasa yakuti iliyochongwa kwa uwiano uleule, yenye urefu wa 8.5, upana 6.6 na kina 4.45:

8.5 × 6.6 × 4.45 × 4.00 × 0.0020 = 2.00

Tofauti ya urefu ni nusu milimita, na ya upana haifiki hapo. Hata hivyo jicho halipimi urefu peke yake. Linaona eneo lote la uso wa jiwe, na eneo limeongezeka kwa asilimia 12 hivi. Ndiyo sababu mnunuzi anaiona tofauti waziwazi, lakini akiambiwa aieleze kwa namba huitia chumvi.

Wingi wa uzito haubadilishi uwiano huo. Mwaka 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mirerani, aliiuzia serikali tanzanaiti mbili kubwa, na iliyo kubwa zaidi ilikuwa na kilo 9.27. Tukichukulia kwamba lote lilikuwa tanzanaiti tupu, ujazo wake ni karibu lita 2.77. Yakuti ya kilo hizohizo ingechukua lita 2.32. Ungeyachonga yote mawili yawe mche wa pande sawa, la tanzanaiti lingekuwa na sentimita 14 kila upande na la yakuti 13.2. Kwa jiwe la ukubwa wa kuhitaji mikono miwili, tofauti ni chini ya sentimita moja. Asilimia sita ileile.

"Kuna chati, ya milimita 6.5 ni karati moja"

Chati hiyo ni ya almasi, tena ya almasi ya duara iliyochongwa kwa uwiano wa kawaida. Msongamano wa almasi ni 3.52, na jiwe la namna hiyo lenye karati moja huwa na kipenyo cha milimita 6.5 hivi. Chati imeenea mno kiasi kwamba watu huitumia kwa kila jiwe, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Ukichonga mawe mengine kwa uwiano uleule mpaka yafike karati moja, yakuti itaishia kwenye milimita 6.2. Tanzanaiti itafika 6.6, kwa hiyo inakaribiana sana na almasi. Zumaridi, yenye msongamano wa 2.72, itakaribia 7.1, na amethisto itapita hapo kidogo. Opali ndiyo inayopanuka kweli, kwa kuwa msongamano wake ni 2.1 hivi: yake ingefika milimita 7.7. Huo ni mfano wa hesabu tu, maana opali nyingi huchongwa mgongo wa mviringo, bila pande.

Upande wa pili wa almasi kuna zirkonia, jiwe la kiwandani linalouzwa sana mahali pa almasi. Msongamano wake ni karibu 5.7. Pete ya zirkonia yenye kibandiko cha "karati moja" kwa kawaida ina jiwe la milimita 6.5, ambalo likiwekwa kwenye mizani linasoma karati 1.6. Muuzaji hakukusudia uzito; alikusudia kwamba jiwe lina ukubwa wa almasi ya karati moja. Moisanaiti nayo huuzwa kwa desturi hiyohiyo, ila yenyewe, kwa msongamano wake wa 3.22, inasoma karati 0.9 tu. Mimi sioni ubaya wa kuuza kwa ukubwa, mradi mnunuzi ajue ni ukubwa. Kinachofaa ni kuandikiwa namba mbili kwenye risiti, karati na milimita, maana moja bila nyingine haitoshi.

Tena desturi hiyo inaweza kumsaidia mnunuzi. Akija mtu na jiwe la duara ambalo halijashikizwa kwenye pete, akasema ni almasi, ukapima kipenyo ukapata 6.5, kisha mizani ikasoma 1.6, ujue kuna tatizo. Ili almasi ya kipenyo hicho ifikishe uzito huo ingebidi kina chake kiwe zaidi ya milimita 6, karibu sawa na upana wake. Hakuna mchongaji mwenye akili timamu anayeichonga almasi hivyo. Huhitaji hata kioo cha kukuzia.

"Jiwe zito ndilo gumu, jiwe jepesi ni dhaifu"

Tanzanaiti ni laini kweli ikilinganishwa na yakuti. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko kati ya 6 na 7, wakati yakuti iko 9, tena tanzanaiti inapasuka kwa urahisi ikigongwa vibaya. Lakini udhaifu huo hautokani na wepesi wake. Almasi ina 10 kwenye kipimo hicho na msongamano wake ni 3.52, topazi ina msongamano wa 3.53 na ugumu wa 8. Zirkoni, ambayo ni jiwe la asili na si ile zirkonia ya kiwandani, ina msongamano wa 4.70 unaoipita yakuti kwa mbali, na bado kingo zake hulika haraka pete ikivaliwa kila siku.

Msongamano unajibu maswali mawili: atomi za jiwe zina uzito gani, na zimebanana kiasi gani. Yakuti na kwatzi zinaonyesha jambo hili vizuri. Yakuti ni alumini na oksijeni, kwatzi ni silikoni na oksijeni. Atomi ya alumini na ya silikoni zinakaribia kulingana kwa uzito, 27 na 28. Hata hivyo yakuti ina msongamano wa 4.00 na kwatzi 2.65. Tofauti yote hiyo imetoka kwenye mpangilio. Ndani ya yakuti atomi za oksijeni zimepangwa kama machungwa ya muuzaji hodari, kila moja limekaa kwenye shimo la yaliyo chini yake, na alumini zimejibana kwenye nafasi zilizobaki. Ndani ya kwatzi zimeunganishwa kwa namna inayoacha nafasi nyingi tupu. Zumaridi nayo imeachia nafasi: atomi zake zimejipanga kwa pete, pete juu ya pete, zikaacha mifereji mitupu inayopita katikati ya fuwele. Jiwe limebeba uwazi ndani yake, kwa hiyo kwa uzito uleule linakuwa kubwa.

Almasi imekwenda njia nyingine. Kaboni ni atomi nyepesi, uzito wake ni 12 tu, lakini kwenye almasi zimebanana kuliko kitu kingine chochote tunachokishika kila siku. Kaboni hiyohiyo ikijipanga kwa tabaka zilizoachana inakuwa grafiti, ule weusi ambao wanaapolo wa Mirerani wanaufahamu kwa kuwa umo ndani ya miamba yenye tanzanaiti na unawapaka mwili mzima. Msongamano wa grafiti ni 2.2 hivi. Atomi ni ileile, mpangilio ndio tofauti. Kwa upande wa zirkoni hakuna ubanaji wa ajabu. Imebeba atomi za zirkoniamu, ambazo kila moja ina uzito wa 91.

"Ukubwa ukitofautiana, sababu ni msongamano"

Baada ya kuutetea msongamano kwa muda wote huu, inabidi niupunguzie sifa. Unapolinganisha aina mbili za mawe yaliyochongwa kwa uwiano mmoja, msongamano unaeleza kila kitu. Sokoni mawe hayachongwi kwa uwiano mmoja. Kati ya yakuti mbili zenye msongamano uleule, tofauti ya uso inaweza kuwa kubwa kuliko ile tuliyoiona kati ya yakuti na tanzanaiti.

Ile yakuti yetu ya karati mbili ilikuwa na 8.5 kwa 6.6, kina 4.45. Sasa nakupa nyingine yenye urefu wa 7.5, upana 6 na kina 5.55. Fanya hesabu uone: karati mbili vilevile. Uso wake ni mdogo kwa moja ya tano, na hapo msongamano haujabadilika hata kidogo. Uzito umefichwa tumboni. Kina chake ni zaidi ya asilimia 90 ya upana, wakati ile ya kwanza ilikuwa na asilimia 67.

Mchongaji hafanyi hivyo kwa uvivu. Jiwe huuzwa kwa karati, na fuwele ya yakuti mara nyingi inakuja na umbo la pipa au imechongoka pande zote mbili, kwa hiyo kuipunguza tumbo ni kutupa fedha. Pengine rangi yenyewe imekaa kwa mistari, na mstari wenye buluu nzuri uko chini kabisa. Akiukata, jiwe linapauka. Kwenye tanzanaiti kuna hesabu nyingine. Jiwe hilo linaonyesha rangi tofauti kwa kila upande unaolitazama, na mara nyingi fuwele imelala kwa namna ambayo ukielekeza uso upande wa zambarau unapata jiwe kubwa zaidi, ukielekeza upande wa buluu unapoteza uzito zaidi. Mchongaji anachagua, na mnunuzi anakuta uamuzi umekwisha kufanywa.

Kuna pia jiwe la aina iliyo kinyume: bapa, lenye uso mpana unaomvutia mtu kwa mbali. Liweke juu ya gazeti, ulitazame kutoka juu. Kama unasoma maandishi kupitia katikati yake, mwanga unapita moja kwa moja badala ya kurudi jichoni, na pale katikati rangi imepotea. Wachongaji huliita hilo dirisha. Ukubwa upo, lakini umelipiwa kwa mng'aro.

"Mkono uliozoea unajua uzito"

Hili nalikataa kwa jiwe lililochongwa na nalikubali kwa kiasi mahali pengine. Karati mbili ni gramu 0.4 tu. Hakuna kiganja kinachoweza kutenganisha gramu 3.35 na 4.00 kwa kila sentimita ya ujazo kwenye kitu kidogo kiasi hicho. Anayesema anaweza, huwa ameshaiona rangi.

Lakini wachimbaji wa changarawe, kama wale wa Tunduru na bonde la Umba, wanautumia msongamano kila siku bila kuhitaji jina lake. Chekeche inatiwa ndani ya maji, inachezwa juu na chini kwa kuizungusha, na vilivyo vizito vinashuka chini na kukusanyika katikati. Maji ndiyo yanayofanya kazi, kwa kuwa yanabeba sehemu ya uzito wa kila jiwe. Nje ya maji yakuti inaishinda kwatzi kwa 4.00 dhidi ya 2.65. Ndani ya maji kila moja inapunguzwa 1, na ushindani unakuwa 3.00 dhidi ya 1.65, karibu mara mbili. Ndiyo maana chekeche ikipinduliwa, mawe yenye thamani hutazamiwa katikati ya rundo, juu.

Kanuni hiyohiyo inatoa kipimo cha kweli dukani. Pima jiwe hewani, kisha lipime likiwa limening'inia ndani ya maji, bila kugusa chombo. Gawa uzito wa hewani kwa kiasi kilichopungua. Tanzanaiti ya karati 2.00 itasoma 1.40 majini; imepungua 0.60, na 2.00 kwa 0.60 ni 3.33. Yakuti ya 2.00 itasoma 1.50, na jibu ni 4.00 kamili. Amethisto ya 2.00 itasoma 1.25 hivi.

Kinachoharibu kipimo hiki zaidi ni viputo vya hewa. Vinajishika kwenye jiwe, vinalinyanyua, na msongamano unatoka chini ya ule wa kweli. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, tia tone la sabuni, na ondoa viputo kwa brashi laini. Waya wa kuning'inizia nao upimwe peke yake majini, utolewe kwenye hesabu. Mawe yenye vinyweleo, kama feruzi na baadhi ya opali, yasitiwe majini hata kidogo.

Halafu kuna mpaka wa mizani yenyewe. Mizani nyingi za karati husoma mpaka 0.01. Kwa jiwe la karati mbili, kosa la 0.01 kwenye upungufu wa 0.60 linakupa jibu lililo kati ya 3.28 na 3.39, ambalo linatosha kuitenga tanzanaiti na yakuti, ila haliwezi kuitenga na peridoti yenye 3.34. Kwa jiwe la nusu karati kosa lilelile linatawanya jibu kutoka 3.1 mpaka karibu 3.6. Moisanaiti, peridoti, tanzanaiti, almasi na topazi zote zimo humo, kwa hiyo hujapima kitu.

"Kwenye pete siwezi kujua chochote"

Unaweza kukadiria, mradi ujue ni jiwe gani. Pima urefu na upana kwa kalipa, na kina kama mgongo wa pete uko wazi, kisha tumia hesabu ya hapo juu. Jiwe la 9 kwa 7 kwa 4.7 lina karati 1.98 kama ni tanzanaiti. Likiwa amethisto lina 1.57, na likiwa yakuti 2.37. Sonara anayeandika uzito wa jiwe lililoshikizwa kwa kuangalia milimita peke yake, bila kulitambua kwanza, anaweza kukosea kwa karibu karati nzima katika jiwe la ukubwa huu. Tumbo lililovimba linaongeza asilimia kadhaa juu ya makadirio, na kina kilichozibwa na madini ya pete hakipimiki. Kama bei ya jiwe ni kubwa, mwambie sonara alitoe kwenye pete alipime mbele yako.